Dola ikipanda mzigo uko baharini
"Naandika mpango wa kuagiza mitumba kuja Dar. Dola nimeiweka 2,500, mfumuko wa bei asilimia 5 kwenye kila gharama. Iko sawa?"

Hapana ndugu, hiyo asilimia 5 ibaki kwenye kodi ya fremu, wapagazi na usafiri. Marobota yanafuata dola. Tuseme mzigo ni dola 15,000, umetanguliza asilimia 30. Zile 10,500 unamalizia meli ikikaribia. Dola ikifika 2,700, umeongeza shilingi 2,100,000. Ushuru nao unapanda, maana forodha wanageuza thamani ya dola kuwa shilingi. Hapo ndipo nilipoumia: nilitenga ushuru kwa bei ya siku niliyoagiza. Piga hesabu upya kwa 2,700, uone kama robota bado linauzika Karume.