Maswali na majibu: uvimbe wa kinena unaouma ukibeba mzigo

Daktari, nina uvimbe kinenani upande wa kulia. Asubuhi nikiamka haupo, jioni unajitokeza, na nikinyanyua kitu kizito unavuta na kuuma. Je, hii ni ngiri?

Kwa maelezo hayo, ngiri ya kinena ndiyo ninayoishuku kwanza. Ukuta wa tumbo una njia nyembamba kinenani, ambamo kwa mwanamume hupita mrija wa mbegu pamoja na mishipa ya damu ielekeayo kwenye korodani. Sehemu hiyo ni dhaifu kwa maumbile, na inapolegea, mafuta ya ndani ya tumbo au kipande cha utumbo husukumwa nje kupitia hapo. Unaponyanyua mzigo, unapokohoa au unapojikamua chooni, shinikizo la tumbo hupanda na uvimbe hutokeza. Ukilala chali, shinikizo hushuka na vilivyotoka hurudi ndani vyenyewe.

Tabia hiyo ya kutoka na kurudi husaidia kutofautisha ngiri na mambo mengine. Tezi iliyovimba kwa maambukizi huwa ni kinundu kisichojali umelala au umesimama, na busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, ambayo hayarudi tumboni ukilala. Hata hivyo usijithibitishie mwenyewe. Daktari atakupima ukiwa umesimama, atakuomba ukohoe huku mkono wake ukiwa kinenani, na mara nyingi kipimo hicho kinatosha. Ultrasaundi huhitajika pale tu uvimbe usipoonekana wazi.

Kazi yangu ni kubeba mizigo. Je, niache kabisa, au nikivaa mkanda wa ngiri naweza kuendelea?

Si lazima ukae bila kufanya chochote, kwani kutembea na kazi nyepesi hazina madhara. Ninalokuomba uliache hadi upimwe ni kunyanyua vitu vinavyokulazimu kubana pumzi, kwa sababu pumzi ikibanwa na mwili ukijikaza, nguvu yote huelekea kwenye ule upenyo. Panapokuwa hapana budi kunyanyua, gawa mzigo, uweke karibu na mwili, piga magoti badala ya kuinama, na toa pumzi wakati wa kuinua. Maumivu yakianza, hiyo ndiyo alama ya kuacha.

Wengi hujilinda dhidi ya mzigo wakasahau choo na kifua. Mtu anayejikamua kila siku kwa sababu ya kufunga choo, au anayekohoa kwa wiki nyingi, huisukuma ngiri mara nyingi zaidi kuliko mbebaji anayenyanyua mara chache. Kunywa maji ya kutosha, kula mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, na kikohozi kisichokwisha kitafutiwe chanzo chake. Ukivuta sigara, ni vyema uache, kwani sigara huleta kikohozi na pia huchelewesha kidonda kupona baada ya upasuaji. Mwanamume mwenye umri mkubwa anayejikamua ili mkojo utoke amweleze daktari, kwa kuwa huenda tatizo la tezi dume likahitaji kushughulikiwa kwanza.

Kuhusu mkanda, hauponyi ngiri. Unaweza kupunguza usumbufu kwa muda ikiwa utaelekezwa namna ya kuuvaa, nao huvaliwa ukiwa umelala na uvimbe umekwisha kurudi ndani. Kuufunga juu ya uvimbe uliotoka ni hatari, kwa sababu unaugandamiza utumbo ulio nje. Isitoshe, mkanda humpa mtu ujasiri wa kubeba asichopaswa kubeba, na hilo ndilo linalonifanya nisiupendekeze kwa mtu wa kazi yako.

Nitajuaje kwamba ngiri imenyongwa?

Chukua mfano wa mtu ambaye ngiri yake imekuwa ikirudi ndani kwa miaka. Asubuhi moja ananyanyua mzigo, uvimbe unatoka mkubwa kuliko kawaida, na anapolala hauingii. Saa chache baadaye uvimbe umekuwa mgumu na hauvumilii kuguswa, tena maumivu hayapungui hata akikaa kimya. Jioni anaanza kutapika, tumbo linajaa, wala hapati choo wala hatoi hewa. Anadhani amekula kitu kibaya, anameza dawa ya tumbo na kulala. Usiku ngozi iliyo juu ya uvimbe imekuwa nyekundu au ya zambarau, homa imepanda na moyo unakwenda mbio.

Kilichotokea ni kwamba ngiri ilinyongwa: shingo yake, yaani ule upenyo mwembamba, iliubana utumbo. Mishipa inayorudisha damu ina kuta laini, kwa hiyo ndiyo huzibwa kwanza. Damu inaendelea kuingia bila kutoka, utumbo unavimba, mbano unazidi, na mwishowe hata damu ya kuingia inakatika. Utumbo uliokosa damu unaweza kuanza kufa ndani ya saa 6 hivi, kisha ukatoboka na kumwaga uchafu tumboni. Kwa mtu huyu, saa ya kwenda hospitali ilikuwa ileile ya asubuhi, pale uvimbe uliozoea kurudi ulipokataa kurudi na maumivu mapya yakaambatana nao. Kutapika na ngozi kubadilika rangi ni alama za kuchelewa, kwa hiyo usizisubiri.

Mambo mawili huwadanganya watu. La kwanza, wakati mwingine hubanwa upande mmoja tu wa ukuta wa utumbo, na mgonjwa akaendelea kupata choo ilhali sehemu hiyo inakufa. La pili, maumivu makali yakitulia ghafla huku uvimbe ukiwa bado mgumu, hilo si nafuu. Huenda utumbo umekwisha kufa.

Uvimbe umetoka na hauingii. Ndugu zangu wanataka kuusukuma kwa nguvu na kuukanda kwa maji ya moto.

Wakataze. Utumbo uliobanwa unaweza kupasuka ukisukumwa kwa nguvu, au ukarudishwa tumboni ukiwa umekwisha kufa. Unachoweza kufanya ni kulala chali, kukunja magoti na kulegeza tumbo kwa dakika chache. Usipoingia wenyewe na maumivu yapo, nenda hospitali yenye huduma ya upasuaji bila kungoja kesho. Usile wala usinywe njiani, kwa sababu huenda ukahitaji dawa ya usingizi, na usitumie dawa ya kuharisha.

Mimi ni mwanamke. Nina uvimbe mdogo chini kidogo ya mkunjo wa paja na hauumi sana. Naweza kusubiri?

Kwa mwanamume ambaye ngiri yake ya kinena haimsumbui na inarudi ndani kwa urahisi, kusubiri chini ya uangalizi wa daktari kunakubalika, ingawa wengi hatimaye huchagua upasuaji kadiri maumivu yanavyoongezeka. Kwako ushauri ni tofauti. Uvimbe ulio chini ya mkunjo huo unaweza kuwa ngiri ya paja, ambayo huwapata zaidi wanawake na hupita kwenye upenyo mwembamba wenye kingo ngumu. Kwa sababu hiyo hunyongwa kwa urahisi zaidi, hata ikiwa ndogo na haijawahi kuuma. Onana na daktari ndani ya siku chache hizi, umwonyeshe mahali hasa ulipo, na ikithibitika kuwa ni ngiri ya paja, kubali kupangiwa upasuaji mapema. Uvimbe ukiwa mgumu au ukianza kutapika kabla ya siku hiyo, nenda hospitali saa hiyohiyo.