Wiki ianze Jumapili au Jumatatu? Kalenda ya 2027 na ripoti za mauzo

Swali: Sisi tuko Arusha, makao makuu yetu yako Nairobi. Mchapaji ametuletea sampuli ya kalenda ya ukutani ya 2027 inayoanza Jumapili, lakini bosi anataka ianze Jumatatu. Mchapaji anasema ni kuhamisha safu moja tu. Halafu ripoti zetu za mauzo ya wiki hazilingani na za Nairobi, ingawa sote tunasoma data ileile. Je, haya mawili yanahusiana? Na tufuate siku ipi?

Jibu: Yanahusiana, ila tuanze na mchapaji, maana akihamisha safu moja tu atawaharibia miezi yote kumi na miwili.

Chukua Januari 2027. Tarehe 1 ni Ijumaa. Kwenye sampuli mliyoletewa, mstari wa kwanza una tarehe 1 na 2 tu, mwishoni kabisa. Mstari wa pili unaanza na Jumapili tarehe 3 na kuishia Jumamosi tarehe 9. Sasa mtu akiikata safu ya Jumapili na kuibandika upande wa kulia bila kuigusa zaidi, mstari wa pili utasomeka 4, 5, 6, 7, 8, 9, kisha 3. Kila Jumapili itakuwa imekaa wiki moja nyuma ya mahali pake. Safu hiyo ikishahamia kulia ni lazima ipande mstari mmoja juu: tarehe 3 ikae baada ya Ijumaa 1 na Jumamosi 2, tarehe 10 ikae baada ya 9, na kuendelea hivyo. Kuna kosa jingine baya zaidi, la kubadilisha majina ya siku pale juu na kuziacha tarehe zilivyo. Hapo mwaka mzima unakosea kwa siku moja. Mkipokea sampuli mpya angalieni tarehe mbili tu: 1 Januari 2027 iwe Ijumaa, na 25 Desemba iwe Jumamosi. Kisha someni mstari mmoja wa kila mwezi kutoka kushoto kwenda kulia na kuhakikisha namba hazirudi nyuma.

Safu hiyo ikipanda, idadi ya mistari nayo inabadilika, na hapo ndipo vipimo vya ukurasa vinapoguswa. Wiki ikianza Jumapili, Januari 2027 inahitaji mistari sita, kwa sababu tarehe 31 ni Jumapili na inabaki peke yake chini. Ikianza Jumatatu, ile 31 inapanda na mwezi unatosha katika mistari mitano. Kwa mwaka mzima, mpangilio wa Jumapili una miezi mitatu ya mistari sita: Januari, Mei na Oktoba. Mpangilio wa Jumatatu una miwili, Mei na Agosti, na Februari yake inajaa mistari minne kamili bila kisanduku hata kimoja kitupu.

Kama eneo la tarehe lina kimo cha milimita 210, mistari mitano inakupa visanduku vya milimita 42, na mistari sita inakupa 35. Mchapaji anaweza kutumia 35 kwa miezi yote ili mistari ikae sawa unapofunua kurasa, au abaki na mitano na kukigawa kisanduku kwa mshazari, 24 na 31 zikae pamoja. Kwa kalenda ya ofisini, ambayo watu huandika humo miadi, mimi nisingekubali mshazari. Yule mwenye jambo la tarehe 31 hana pa kuandika.

Neno kuhusu majina ya siku. Mchapaji aliyezoea violezo vya nje hupenda herufi moja moja. Kwa Kiswahili hilo halifai, maana siku tano zinaanza na J: kuanzia Jumapili unapata J J J J A I J, na kuanzia Jumatatu J J J A I J J. Hakuna atakayeona tofauti akiwa na haraka. Waandike J'pili, J3, J4, J5, Alh, Iju, J'mosi, na Jumapili iwe nyekundu popote itakapokaa. (Anayetaka kutumia majina yetu kama ushahidi wa siku ya kwanza atapotea: Jumamosi ndiyo "mosi", hali Alhamisi, iliyotoka Kiarabu, ni ya tano ukihesabu kutoka Jumapili.)

Sasa ripoti. Katika CLDR, hifadhidata ambayo programu nyingi huchota humo mipangilio ya nchi, wiki ya Kenya huanza Jumapili na ya Tanzania huanza Jumatatu. Kwa hiyo kalenda za kwenye simu na kompyuta za pande mbili zinaweza kutofautiana bila mtu yeyote kugusa kitu.

Ripoti nazo zikifuata mipaka hiyo ya wiki, zitaachana vilevile. Tuseme Jumapili ya 10 Januari mliuza katoni 90, Jumatatu hadi Jumamosi mkauza 420, na Jumapili ya tarehe 17 mkauza 145. Ninyi mnaripoti 11 hadi 17: katoni 565. Nairobi wanaripoti 10 hadi 16: katoni 510. Tofauti ni 55, ambayo ni 145 kutoa 90. Hicho ndicho kipimo cha kutambua tatizo: tofauti ya ripoti mbili ikilingana kabisa na tofauti ya Jumapili mbili, data ni nzima na mmeachana kwenye mpaka wa wiki tu. Isipolingana, kuna mauzo yaliyopotea au yaliyoingizwa mara mbili.

Kwenye Excel msitegemee mipangilio ya nchi. `WEEKDAY` na `WEEKNUM` bila namba ya pili huhesabu kuanzia Jumapili popote ulipo. Namba za wiki nazo zina mtego wake. Kwa kiwango cha ISO 8601 wiki huanza Jumatatu, na wiki ya 1 ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Mwaka 2026 `WEEKNUM` na `ISOWEEKNUM` zinatofautiana siku za Jumapili tu, kwa hiyo wengi hawatagundua. Lakini Jumatatu ya 4 Januari 2027 `WEEKNUM` inasema wiki ya 2, na `ISOWEEKNUM` inasema ya 1, na pengo hilo linadumu mwaka mzima, tena siku za Jumapili linakuwa la wiki mbili. Tena kwa ISO 1 Januari 2027 ni wiki ya 53 ya mwaka 2026. Ukiibandika `YEAR` kando yake unapata "2027 wiki 53", na mauzo ya Mwaka Mpya yanaruka hadi mwisho wa ripoti.

Ushauri wangu ni kuanza Jumatatu pande zote mbili, ili Jumamosi na Jumapili zikae pamoja kwenye kalenda na kwenye hesabu, na kuipa wiki jina la tarehe yake ya kwanza badala ya namba. Tarehe ya mauzo ikiwa kwenye A2:

```
=A2-WEEKDAY(A2,2)+1
```

Inarudisha Jumatatu ya wiki hiyo, hata mwaka unapogeuka. Mkitumia PivotTable na kukusanya kwa siku 7, jazeni wenyewe tarehe ya kuanzia iwe Jumatatu, la sivyo itaanza na tarehe ya kwanza iliyomo kwenye data.

Nairobi wakihamia Jumatatu mwaka 2027 unapoanza, wiki yao ya mwisho ya zamani itaishia Jumamosi 2 Januari na mpya itaanza Jumatatu 4. Jumapili ya tarehe 3 inabaki yatima. Waifanye wiki ya 27 Desemba hadi 3 Januari kuwa ya siku nane, waiandike hivyo kwenye kichwa cha ripoti, na wasiilinganishe na wiki yoyote nyingine.