Usianze na mzigo wenye hela nyingi kwa kilo

*"Natoa mizigo Nairobi kwenda Kitui na pikapu. Wateja wakubwa wakishapakia, hubaki nafasi ya kilo 500 na wanaoitaka ni wengi. Nataka kuandika programu: igawanye nauli kwa kilo, ianze na mzigo unaolipa zaidi kwa kila kilo, ishuke hivyo hivyo hadi gari lijae. Niandike kwa Python au Java? Na orodha ya wateja niihifadhi wapi?"*

Ndugu, simama hapo kwa kugawanya. Kanuni hiyo hiyo ndiyo niliyopewa nikaitumia kupangia magari ya watu, na gari lilikuwa likiondoka na pengo huku mzigo mzuri umebaki uani.

Chukua mizigo minne ya kawaida kutoka Kariobangi. Jenereta ni kilo 300, nauli 18,000. Mashine za kusaga mahindi ni mbili, kila moja kilo 250 na nauli 13,500. Geti la chuma ni kilo 150, nauli 6,000. Ukigawanya, jenereta inalipa shilingi 60 kwa kilo, mashine 54, geti 40.

Programu yako itapakia jenereta kwanza. Zimebaki kilo 200. Mashine haiingii, inaruka. Geti linaingia. Jumla 24,000, na kilo 50 zinasafiri bure. Sasa acha jenereta na geti, pakia mashine zote mbili: kilo 500 kamili, 27,000. Mzigo uliokuwa wa kwanza kwenye orodha ndio uliokula elfu tatu zako, kwa sababu ulichukua kilo 300 na kuacha nafasi ambayo haimtoshi yeyote wa maana. Kuanza na wenye nauli kubwa kabisa hakusaidii pia, maana bado utaanza na jenereta.

Kinachoniudhi ni aliyetufundisha darasani jioni. Mfano wake ulikuwa sukari na maharagwe ya kupima kwa kilo, na kwa bidhaa hizo kanuni ni sahihi kabisa: nafasi ikibaki kilo 200, unakata kilo 200 za bidhaa inayofuata. Halafu akatuambia tukaitumie kwa mzigo wowote. Jenereta haikatwi! Tofauti hiyo ndiyo tatizo zima la shanta, yaani kuchagua vitu vizima vya kujaza mfuko wenye kikomo cha uzito, na mwalimu aliyelipwa ada hakuitaja hata kwa sentensi moja.

Kwa vitu visivyokatwa, acha kuuliza mzigo gani ni bora. Uliza: kwa kila uzito, kuanzia sifuri hadi 500, nauli kubwa kabisa ninayoweza kupata ni ipi? Pima kwa hatua za kilo 50, na uzito usiogawanyika uupandishe juu, usiushushe, usije ukazidisha gari. Hapo gari ni hatua 10, na mizigo ni 6, 5, 5 na 3.

```python
W = 10
mizigo = [(6, 18000), (5, 13500), (5, 13500), (3, 6000)]
bora = [0] * (W + 1)
for uzito, nauli in mizigo:
    for w in range(W, uzito - 1, -1):
        bora[w] = max(bora[w], bora[w - uzito] + nauli)
print(bora[W])
```

Inatoa 27000. Mashine ya kwanza ikipita, `bora[5]` inakuwa 13,500. Ya pili ikifika kwenye hatua ya 10, inachungulia `bora[5]`, inaongeza 13,500 yake, na kuishinda jenereta. Kwenye kila uzito, mzigo unalinganishwa kwa hali mbili tu: ukiwemo na usipokuwemo.

Hiyo `-1` mwishoni mwa `range` usiiguse. Ukihesabu `w` kutoka chini kwenda juu, mzigo mmoja unaweza kupakiwa tena juu yake wenyewe, na programu inaweza kukuuzia mageti matatu wakati mteja ana moja. Ukiona jumla inazidi nauli za mizigo yote uliyoandika, kosa liko hapo.

Kama leo bado unapanga kwa kalamu, kuna njia ya kujua unapoteza kiasi gani. Jifanye unaweza kukata: jenereta nzima, kisha kilo 200 za mashine kwa 54, jumla 28,800. Hakuna mpango wowote utakaozidi hapo. Wako una 24,000, kwa hiyo pengo ni 4,800, na pengo kubwa hivyo linakudai ujaribu mpangilio mwingine kabla ya kufunga turubai. Pengo likiwa la mia mbili, funga uende.

Python inatosha. Ila ongeza kipimo cha nafasi kabla hujaiamini: hesabu hii inajua kilo tu, na mashine mbili zinaweza kutimiza uzito lakini zisienee kwenye bodi. Kila mzigo upewe pia urefu wake, na jedwali liwe la pande mbili, uzito upande mmoja na urefu uliobaki upande wa pili.