Asaimenti ya kikundi: pigeni hesabu ya saa kabla ya kugawana

Kikundi cha watu watano kikipewa ripoti, kitu cha kwanza ni kugawana sura: wewe utangulizi, yule matokeo, huyu hitimisho. Mgawanyo huo una kasoro moja kubwa. Wa hitimisho hana cha kufanya mpaka wa matokeo amalize, na wa matokeo hana cha kuandika mpaka watu warudi kutoka kuhoji. Wawili wanalala wiki tatu, watatu wanachoka, halafu siku ya mwisho kila mmoja anaamini yeye ndiye aliyebeba kazi.

Tuchukue mfano wa ripoti kuhusu bei ya dagaa wakavu katika soko la mwalo wa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria: siku 28, kuanzia Jumamosi, na kukabidhi Ijumaa saa 10 jioni. Kabla ya kugawana, orodhesheni vipande vyote vya kazi, hata vile vidogo vya kupeleka barua ya ruhusa na kuchapa. Kisha kila mtu aandike kwenye karatasi yake, bila kuchungulia ya mwenzake, kila kipande kitakula saa ngapi. Fungueni kwa pamoja.

Hapo ndipo mnaona chanzo cha ugomvi. Kwenye kuingiza fomu kwenye kompyuta, mmoja ameandika saa 2, mwingine 9. Msipige kura. Mwulizeni wa saa 2: "Kaka, umehesabu fomu ngapi?" Kumbe yeye alifikiria fomu 20, mwenzake 60. Jazeni fomu moja ya majaribio, muiingize huku mkitazama saa. Ikichukua dakika 6, basi fomu 60 ni saa 6, na ubishi umekwisha.

Tuseme mmekubaliana hivi: dodoso saa 5, barua na kuonana na uongozi wa soko 3, kuhoji 24, kuingiza fomu 6, majedwali 5, kuandika 12, kuunganisha 4, kuchapa 1. Jumla ni saa 60, yaani 12 kwa kila mtu. Yule anayeona haya kuhoji wafanyabiashara asilazimishwe. Atawaletea majibu ya kubuni. Apewe kuingiza fomu, majedwali na kuchapa, ambazo ni saa 12 kamili. Wanne waliobaki wahoji saa 6 kila mmoja na kugawana saa 24 zilizosalia.

Sasa tarehe za ndani. Zihesabuni kutoka mwisho kurudi nyuma. Kuchapa ni Jumatano, siku ya 26, si Alhamisi usiku, maana umeme ukikatika au steshenari ikijaa bado mna siku mbili. Ripoti nzima iwe imeunganishwa na kusomwa na mtu mmoja siku ya 24. Rasimu za sehemu zote, hata zikiwa mbovu, siku ya 21. Majedwali siku ya 18.

Siku za kwenda sokoni ndizo zinazokosewa zaidi, kwa sababu ziwa lina kalenda yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa. Kama mnataka kuwahoji pia wavuvi wakiwa kazini, na mwezi mpevu unaangukia siku ya 8, pangeni kwenda siku ya 14 na 15. Siku 13 za mwanzo ni za dodoso, ruhusa na kusoma.

Siku ya 14 jioni, fomu 30 za kwanza zimfikie mwingizaji, asingoje zote. Ataona haraka kwamba mmoja ameandika bei kwa kilo, mwingine kwa debe, na debe lenyewe mwingine kalihesabu likiwa limesawazishwa mdomoni, mwingine likiwa na kichuguu juu. Bei hizo hazilinganishiki. Likigundulika usiku huo, kesho yake mnaenda na swali la ziada na kupima debe kwenye mizani. Likigundulika siku ya 23, jedwali lote ni la kutupa.

Tarehe ya ndani imetimizwa pale tu faili linapoonekana kwenye kundi la Watsapu. "Nimeanza" haihesabiki. Kubalianeni siku ya kwanza, kabla hamjakasirikiana: saa 24 zikipita bila faili, kipande kinahamia kwa mtu aliyetajwa mapema, na aliyechelewa anachukua kazi ya huyo yenye saa sawa. Asipotokea kabisa, mwelezeni mhadhiri siku ya 18. Siku ya 27 atawasikia kama watu wanaotafuta kisingizio.