Nani Aliyetazama Mlango?

Wanangu wa dawati la uhariri, wiki hii mmenirudishia mswada wa hadithi fupi wa mwandishi anayeandika kwa mara ya kwanza, nao umejaa wino mwekundu hata nikadhani mmechinjia kuku juu yake. Koma zote mmezisahihisha. Swali la nani anasema hamkuliuliza hata mara moja, na kosa hilo nalijua vyema kwa kuwa nililifanya kabla yenu, tena langu lilichapishwa.

1. Tuanze na mepesi. Usemi ukifuatwa na kitenzi cha kusema, koma hukaa ndani ya alama za usemi, na kitenzi huanza kwa herufi ndogo: "Nitakuja kesho," alisema. Likiwa ni swali, alama ya kuuliza hutosha bila koma na herufi hubaki ndogo: "Umekula?" aliuliza. Kompyuta ikiiona alama hiyo hudhani sentensi imekwisha, ikaandika "Aliuliza". Msiitii.

2. Si kila kitenzi kinachofuata maneno ni cha kusema. Mmeiacha "Nimechoka," aliketi, kana kwamba mtu anaweza kuyaketi maneno. Hapo fungeni kwa nukta, kisha kitendo kianze sentensi yake: "Nimechoka." Aliketi.

3. Msemaji akibadilika, aya nayo ibadilike, na kitendo cha msemaji kikae katika aya ya maneno yake. Kanuni hii mnaikariri, ila sidhani mmewahi kufikiri kwa nini sisi tunaihitaji mno. Ile "a-" ya "alisema" ni ya mume, ni ya mke, na katika hadithi za watoto ni ya paka pia. Majina yakikosekana, mpangilio wa aya ndio unaomwambia msomaji nani ni nani.

Miaka hiyo nilikuwa nikifanya kazi katika chumba kimoja cha ghorofani, Mji wa Kale, na nilipewa hadithi ya binti wa Kisauni kuhusu mke aliyeuza mashua ya mumewe bila kumwambia. Ukurasa wa mwisho aliuandika hivi:

"Umeuza mashua?" Aliuliza. "Nimeuza". Alitazama mlango. "Basi mimi naondoka".

Nikarekebisha herufi, nikaingiza nukta ndani ya alama, nikagawa aya, nikajiona fundi:

"Umeuza mashua?" aliuliza.

"Nimeuza." Alitazama mlango. "Basi mimi naondoka."

Alama zote zilikuwa sahihi, wala hakuna mwalimu ambaye angenikata hata nusu maksi. Mkusanyiko ulipotoka, binti alinipigia simu, akanipa shikamoo kwa adabu zake zote, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mbona mke ameondoka? Aliyeondoka ni mume." Alikuwa amekusudia hivi:

"Umeuza mashua?" aliuliza.

"Nimeuza."

Alitazama mlango. "Basi mimi naondoka."

Kwa kukosa aya moja, hadithi ya mwanamke aliyebaki nyumbani na pesa zake niliigeuza kuwa ya mwanamke aliyekimbia. Kinachoniuma zaidi ni kwamba dalili niliiona. Sentensi ya mwisho ya hadithi ilisema, "Alfajiri alizihesabu tena zile noti," nami nilijiuliza mume amezipata wapi noti hizo, nikaandika pambizoni "mantiki?", kisha nikaifuta kwa kudhani kwamba mwandishi bado hajapevuka. Asiyepevuka nilikuwa mimi.

Tangu hapo, kabla sijagusa koma yoyote, huandika kwa penseli herufi ya kwanza ya jina la msemaji kando ya kila usemi na kila kitendo kilicho katikati ya semi. Nikikwama, sigawi aya kwa kubahatisha, bali humwuliza mwandishi: "Aliyetazama mlango ni nani?" Jibu likipatikana, yeye ndiye wa kuamua kama aya mpya inatosha au aandike "Mumewe alitazama mlango." Nikishamaliza husoma hadi mwisho, kwa sababu mhusika akionekana baadaye ameshika kitu asichoweza kuwa nacho, huenda wasemaji wamebadilishana nafasi mikononi mwangu.

4. Mwandishi akiwa ametumia alama moja moja kwa usemi, msibadilishe zote kwa mkupuo ziwe mbili mbili. Mtazalisha ng"ombe, na atakuwa akitembea kila ukurasa.

Mswada wenu uko mezani. Katika ukurasa wa 9 kuna "akacheka" mbili zisizo na mwenyewe, na kwa jinsi mlivyogawa aya, anayecheka sasa ni marehemu. Mpigieni mwandishi simu leo, kabla ya alasiri.