Usichome hapo nyuma ya nyumba, mkuu

> "Wakuu, mimi na mwenzangu tumepata eneo huku Buguruni, nyuma ya nyumba ninayoishi na familia. Tunaanza kubomoa runinga, kompyuta mbovu na nyaya. Nyaya nyembamba tuzichome jioni au usiku? Barakoa za kitambaa zinatosha? Na bodi tunauza wapi kwa bei ya maana?"

Hapana. Si jioni, si usiku, na nyuma ya nyumba wanakolala watoto ndiyo kabisa usithubutu. Ningekuwa jirani yako ningekuja na ndoo ya maji niuzime huo moto, salamu zingefuata baadaye.

Mimi nilichoma miaka minne. Aliyenifundisha ni tajiri mmoja wa mizani, mtu wa kujua kila kitu. Akanipa elimu mbili: moto unaua sumu, na ukimaliza kuchoma kunywa nusu lita ya maziwa, yanasafisha kifua. Basi nikanywa maziwa kama ndama, muuza maziwa akajenga. Lakini yule tajiri mwenyewe sikuwahi kumwona akisogelea moshi. Kiti chake kilikuwa upande upepo unakotoka, chini ya mwavuli, na mkononi ana soda. Ningekuwa na akili ningeshtuka siku ile ile.

Risasi haifi motoni. Nasema ile madini, siyo ya bunduki, ingawa hii ni mbaya zaidi kwa sababu haina mlio. Plastiki ya nyaya nyingi za zamani imechanganywa na risasi ili isiharibike kwa joto, na bodi za zamani zimeunganishwa kwa ile ya kuchomelea ya mafundi redio, ambayo kwenye kila gramu 100 ina karibu gramu 40 za risasi yenyewe. Ukichoma, plastiki inaondoka, risasi inabaki kwenye majivu na nyingine inapanda na moshi ikiwa vumbi laini. Hainuki. Kinachokuwasha koo ni gesi ya asidi inayotoka kwenye plastiki, na humo humo ndimo sumu ziitwazo dioksini zinamozaliwa. Kwa hiyo koo likiacha kuwasha usidhani umepona. Majivu bado yapo, yanakusubiri uyachekeche.

Na hapo kwenye kuchekecha ndipo nilipojimaliza.

Nyaya nyembamba ukichoma, vinyuzi vya shaba vinapotelea kwenye majivu. Nikaona nipate mbinu: nikachukua chekeche la mke wangu, la unga, nikaenda nalo yadi. Nachekecha hadi jioni, nalisuuza, nalirudisha jikoni. Ndiyo, cheka tu. Nilijiona mbunifu. Naingia nyumbani na suruali ile ile, binti yangu wa miaka miwili anakuja mbio, nambeba, anashika ndevu, anaweka vidole mdomoni. Nguo zangu zinakung'utwa uani, kisha zinalowekwa kwenye beseni moja na zake.

Akaanza kulia tumbo. Choo kigumu, hali chakula, amepauka. Tukampa dawa ya minyoo mara mbili. Tukatibu malaria ambayo vipimo vilisema haipo. Bibi yake akasema ni jicho la mtu. Maneno machache aliyokuwa ameanza kusema yakapungua, tukaambiana watoto wanatofautiana. Ilienda hivyo miezi mitano, hadi daktari mmoja kijana alipoacha kuandika, akaniangalia mikono akauliza, "Baba, wewe unafanya kazi gani?" Wote waliotangulia walikuwa wanamuuliza mama mtoto amekula nini.

Damu ikapimwa risasi: maikrogramu 31 kwa desilita. Mimi nikauliza kwa ujinga kama kawaida ni ngapi, nikijua atasema 30 au 40. Akasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kuanzia 5. Zile dawa za kuivuta risasi kutoka mwilini kwa kawaida huanza kuanzia 45, kwa hiyo sisi hatukupewa. Dawa yetu ilikuwa mimi kuacha kumletea. Tumbo la mtoto mdogo linanyonya risasi mara nne au tano zaidi ya letu, na ikishaingia inajificha kwenye mifupa, inatoka taratibu miaka na miaka. Baada ya miezi sita tulipima tena, 22. Nilidhani ingekuwa sifuri.

Maziwa nilimuuliza pia. Alisema ni chakula kizuri, na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi hunyonya risasi zaidi, kwa hiyo apewe maziwa, dagaa na mboga za majani. Kuosha moshi kifuani hayaoshi. Nilimfuata yule tajiri kumweleza, akanijibu, "Mbona wewe hujafa?"

Kwa hiyo kama utasahau yote, shika hili: NGUO YA YADI HAILALI NYUMBANI. Viatu, kofia na mfuko wa kubebea vitu pia. Mimi nina ndoo yenye mfuniko, inabaki yadi. Nikimaliza kazi navua na kuingiza humo bila kukung'uta. Kisha sabuni na maji mengi: mikono hadi viwiko, kucha kwa mswaki mkuukuu, uso, ndevu. Ndipo navaa nguo safi niliyokuja nayo, iliyokaa ndani ya mfuko umefungwa. Nguo za kazi nazifua mwenyewe, beseni lake, huko huko, na maji yake hayamwagwi penye kisima wala wanapocheza watoto. Gharama yote ni ndoo, beseni na sabuni. Kula au kuvuta sigara kabla ya kunawa ni kuilamba kwa mkono wako. Na kufagia pakavu ni kuirusha hewani, nyunyiza maji kwanza.

Wewe yadi yako iko nyuma ya nyumba, sasa utavulia wapi? Hilo ndilo tatizo lako, siyo barakoa. Ya kitambaa haizuii kitu hapo. Ile ya N95 ikikaa vizuri usoni inazuia vumbi, gesi inapita, kwa hiyo haikupi kibali cha kuchoma.

Nyaya menya. Funga wembe wa kisu cha karatasi juu ya ubao kwa skrubu mbili, mlalo kidogo, vuta waya chini yake na glovu nene mkononi. Siku ya kwanza nilijikata, ya pili nikazoea. Shaba iliyomenywa inabaki nyekundu. Iliyopita motoni ni nyeusi na inakatika katika, na pale mizani walikuwa wananikata shilingi 2,000 kwa kila kilo, yaani miaka minne nilikuwa nalipia kujitilia sumu. Zile nyembamba sana zisizomenyeka, mimi nauza na ganda lake. Hela ni ndogo, najua.

Na vioo vya runinga za mgongo usivivunje, nyuma mle kuna risasi ya kilo nzima au zaidi.

Bodi... uliuliza bodi. Nitarudi. Kwanza nijibu wewe: kamba ya kuanikia nguo za watoto hapo uani iko upande gani wa huo moto?