Kijijini hapa, si kijijini hiki

Mwenyekiti wa kijiji chetu, huku Rungwe, aliniletea hotuba ya kuzindua choo cha shule. "Mwalimu, nipitishie macho kabla sijasimama mbele za watu." Sentensi ya tatu ilisema hivi:

"Katika kijijini hiki, hichi choo tumelijenga kwa nguvu zetu."

Ukiletewa sentensi kama hiyo, usianze kufutafuta. Tafuta kwanza nomino na uulize iko ngeli gani, maana makosa yote manne yametoka hapo. Kijiji kikishapata -ni kinakuwa mahali, na neno linalofuata linafuata mahali: hapa, huku au humu. Basi ni "kijijini hapa" au "katika kijiji hiki". "Katika" na -ni hufanya kazi moja, kwa hiyo chagua kimoja. Ndiyo maana pia tunasema "ofisini kwangu", wala si "ofisini yangu".

Mzee alinielewa nilipomrudisha kwenye Kinyakyusa. Kule pa, ku na mu tunaziweka mwanzoni mwa jina lenyewe. Kiswahili kimeweka -ni mwishoni mwa jina, lakini pa, ku na mu hazikupotea: zimehamia kwenye maneno yanayofuata. "Shuleni petu", "shuleni kwetu" na "shuleni mwetu" zote ni sahihi. Ya mwisho inamaanisha ndani.

Kwenye "hichi", nadhani watu huchanganya "hiki" na "hicho". Mtajie hawa, haya, hili: kila kimoja kinaishia na silabi ya ngeli yake. Ya choo ni ki, basi "hiki".

Kuhusu "tumelijenga", nilimuuliza hiyo -li- ni ya nini. Akafikiri kidogo: "Nilikuwa na jengo kichwani." Hilo ndilo kosa la kawaida la kiambishi cha mtendwa: mtu anaandika nomino moja huku akili iko kwenye nyingine. Jengo tumelijenga, choo tumekijenga. Msomee sentensi kwa sauti, umwonyeshe nomino kwa kidole.

Usimjazie viambishi kila mahali, lakini. Choo kikitajwa mara ya kwanza, "tumejenga choo" inatosha. Wasikilizaji wakishakijua, ndipo "tumekijenga". Mtu ni tofauti, hata akitajwa mara ya kwanza. Mzee aliandika "tuliita fundi". Tukaweka "tulimwita fundi".

Mwishoni aliandika "nawashukuru", akiwaelekea wazazi walioketi mbele yake. Si kosa, ila -wa- hiyo yaweza kuwa ninyi au wao, na wageni walikuwepo pia. Tukaandika "nawashukuruni". Hapo aliniuliza kama wazazi nao wamekuwa mahali. Hapana, mzee, -ni hii ni ya ninyi, haihusiani na ile ya kijijini.

"Ndaga fijo" yake ya kufungia, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, sikuigusa.